Regulata ya 7805 inakata adhuhuri: kutafuta hitisinki inayotosha kwa kufuata dalili

"Mwanangu, hiki kidude kina shetani. Usiku kinachaji vizuri, mchana kinakata."

Aliyeniambia hivyo ni mama mwenye kibanda cha kuchajia simu pale Pongwe, nje kidogo ya Tanga. Ana paneli moja ya sola juu ya bati, betri moja ya gari ya volti 12, na boksi la plastiki lenye regulata nne za 7805, chipu za kushusha volti hadi 5, kila moja ikilisha simu moja. Jua likifika utosini, sehemu moja inazima, inafuata ya pili, halafu ile ya kwanza inarudi yenyewe bila mtu kuigusa. Yeye alikuwa akiligonga boksi kwa kiganja, na kwa kuwa mara nyingine liliwaka baada ya kugongwa, alishaamini kuna waya umelegea.

Waya ulikuwa mzima. Malalamiko ya namna hii nimeyapokea mara nyingi, ya chaja, ya amplifaya, ya taa za ledi, na karibu kila mara jibu linapatikana kwa hesabu moja fupi na vipimo vitatu vya joto. Nitatumia boksi la yule mama tangu mwanzo hadi mwisho. Ukiwa na chipu nyingine, badilisha namba tu.

Hesabu yenyewe kabla ya dalili

Kinachoungua ndani ya chipu ni kipande kidogo cha silikoni, na sehemu yake yenye joto kali kuliko zote huitwa jankshani. Huwezi kuishika wala kuiona. Joto linaloanzia hapo hupita vizuizi vitatu: kutoka jankshani hadi kibati cha chuma cha mgongoni, kutoka kibati hadi hitisinki, yaani chuma cha mapezi kinachotawanya joto, na kutoka hitisinki hadi hewani. Fundi aliyezoea umeme asihangaike sana hapa. Wati zichukulie kama mkondo, digrii kama volti, na ukinzani wa joto kama omu. Vizuizi vikifuatana, unavijumlisha.

```
P  = (Vin - Vout) x I
Tj = Ta + P x (Rjc + Rcs + Rsa)
```

`Tj` ni joto la jankshani na `Ta` ni joto la hewa inayoigusa hitisinki. `Rjc` ni ukinzani wa ndani ya chipu na unausoma kwenye datashiti. `Rcs` ni wa pale kibati kinapogusana na hitisinki, na `Rsa` ni wa hitisinki yenyewe. Vyote hupimwa kwa digrii kwa kila wati.

Sasa weka namba za Pongwe. Adhuhuri paneli ikisukuma, betri inapanda hadi volti 14.4. Regulata inatoa volti 5, simu inavuta ampea 0.5. Volti 9.4 zilizobaki zinageuka joto, na ukizidisha kwa 0.5 unapata wati 4.7. Simu yenyewe inapokea wati 2.5 tu, yaani chipu inakula karibu mara mbili ya inachotoa. Usiku betri iko kwenye volti 12.2 hivi, na chipu inabeba wati 3.6.

Shetani wa mchana ameshaanza kuonekana. Adhuhuri hewa ya ndani ya boksi inapanda, na saa hiyohiyo volti ya betri nayo inapanda.

Dalili ya kwanza: inakata baada ya dakika kadhaa, ikipoa inarudi

Hii ndiyo inayoletwa kuliko zote. Regulata ya 7805 ina ulinzi wa ndani. Jankshani ikikaribia digrii 150 hivi, inajizima, ikipoa inajiwasha. Kwa hiyo kukatakata kwa mpangilio, dakika chache kimya na dakika chache kazi, maana yake chipu bado nzima na inalilia hewa. Iliyoungua hairudi.

Chanzo cha kwanza, kwa mbali, ni hitisinki ndogo. Mtu ananunua vile vibati vyeusi vya kubana vyenye ukubwa wa kidole gumba, anafunga na kuhesabu kazi imekwisha kwa sababu "hitisinki ipo". Kabla ya kubishana naye, pima.

Hiki ndicho kipimo ninachofanya mezani. Toa simu zote. Usijaribie kwenye simu ya mtu hata siku moja, kwa sababu 7805 iliyopikwa sana inaweza kufa kwa kupiga shoti ndani, ikapitisha volti zote za betri hadi kwenye simu. Badala ya simu, funga rezista ya omu 10 yenye uwezo wa wati 5 au zaidi. Kwa volti 5 itavuta ampea 0.5 sawasawa. Lisha regulata volti 12, na chipu itabeba wati 3.5. Iache nusu saa mpaka namba zitulie, kisha pima joto sehemu tatu kwa waya wa themokapo wa mita yako: kwenye kibati cha chipu, kwenye hitisinki sentimita moja pembeni yake, na kwenye hewa.

Ukitumia kile kipimajoto cha kuelekeza kama bastola, bandika kwanza kipande cha utepe mweusi wa umeme pale unapopima. Alumini inayong'aa inakidanganya, na unaweza kusoma digrii 40 mahali penye 80.

Kibati cha kubana cha yule mama kilinipa hivi: hewa 30, hitisinki 100, kibati cha chipu 104. Gawanya tofauti kwa wati 3.5. Kutoka hitisinki hadi hewani ni digrii 70, sawa na 20 kwa wati. Kutoka chipu hadi hitisinki ni digrii 4, sawa na kama 1 kwa wati. Ukinzani wa ndani, kwa datashiti niliyokuwa nayo ya 7805 yenye umbo la TO-220, ni 5 kwa wati. Jumla 26.

Chukua hiyo 26 uirudishe Pongwe. Usiku hewa ni 28 na wati ni 3.6, jankshani inakuwa 28 + 94, yaani 122. Inapumua. Adhuhuri hewa ya ndani ya boksi ni 45 na wati ni 4.7. Hapo ni 45 + 122, yaani 167. Haifiki huko, maana inajizima kabla.

Basi hitisinki gani ingetosha? Hapa unahesabu kinyumenyume. Datashiti inaruhusu jankshani hadi 125. Mimi sijengi hadi ukingoni, nachukua 110, kwa sababu vumbi litakuja na mwenye kibanda hatalifuta. Toa joto la hewa: 110 − 45 = 65. Gawanya kwa wati 4.7 upate 13.8. Hiyo ndiyo bajeti nzima ya ukinzani, kutoka jankshani hadi hewani. Chipu yenyewe inakula 5, mgusano 1. Hitisinki inabaki na 7.8 kwa wati au pungufu. Namba ikiwa ndogo, hitisinki ni bora zaidi, jambo ambalo wengi hulichukua kinyume wanaponunua.

Dukani hitisinki nyingi hazina namba iliyoandikwa, kwa hiyo inabidi uikadirie kwa rula. Nilikuwa na kipande cheusi chenye upana wa milimita 50, urefu wa 75, na mapezi 6 yenye kimo cha milimita 20. Kila pezi lina nyuso mbili, kwa hiyo mapezi yote yanatoa sentimita za mraba 180, na sakafu kati ya mapezi inaongeza kama 30. Jumla 210. Katika hewa tulivu, kila mita ya mraba huachia hewani wati 5 hadi 6 hivi kwa kila digrii ya tofauti. Sentimita 210 za mraba ni mita 0.021, ukizidisha kwa 5.5 ni wati 0.116 kwa digrii.

Kuna na joto linalotoka kwa mnururisho, bila kutegemea hewa. Hilo usilihesabu kwa nyuso zote, maana mapezi yanatazamana na kurudishiana joto. Hesabu umbo la nje tu, kana kwamba hitisinki ni tofali. Hapa ni sentimita za mraba 87, na kwa uso mweusi uliotiwa rangi kiwandani inaongeza kama wati 0.064 kwa digrii. Jumla 0.18. Geuza, moja gawa kwa 0.18, unapata 5.6 kwa wati. Tulihitaji 7.8, kwa hiyo imepita na nafasi juu. Jankshani itakaa karibu na 100 adhuhuri.

Kipande hichohicho kingekuwa alumini nyeupe inayong'aa, mnururisho ungekuwa karibu haupo, na kingetoka 8 kwa wati. Kingeanguka mtihani. Penye feni rangi nyeusi haina uzito sana, ila kwenye boksi lisilo na upepo ndiyo inayoamua.

Chanzo cha pili cha dalili hii ni mzigo uliozidi ulichohesabu. Simu mpya ikikuta pini za data zimeunganishwa pamoja inaweza kudai ampea nzima badala ya nusu. Pima mkondo kabla ya kulaumu chuma. Chanzo cha tatu, cha nadra, ni mgusano mbovu, na huo una dalili yake.

Dalili ya pili: hitisinki ni vuguvugu, chipu inaunguza kidole

Watu husema, "Hitisinki haijapata hata joto, kwa hiyo ni kubwa vya kutosha." Hapa tusimame kidogo, kwa sababu kidole kinadanganya kwa namna mbili.

Regulata ya namna hii inazalisha wati zilezile hata mgusano ukiwa mbovu. Wati hizo hazina pa kwenda ila hitisinki. Kwa hiyo baada ya nusu saa hitisinki itafika joto lilelile, mgusano ukiwa mzuri au mbaya. Kinachopanda ni kibati cha chipu peke yake. Maana yake ukitazama joto la hitisinki tu hutajua chochote kuhusu mgusano. Pima ile tofauti kati ya kibati na hitisinki.

Namna ya pili: kama hitisinki kweli imebaki baridi huku chipu ikiwaka moto, mara nyingi ni kwa sababu chipu imeshaanza kujizima na kujiwasha. Wati za wastani zimeshuka, na hitisinki inapokea kidogo. Ubaridi wake ndio ugonjwa wenyewe.

Nilipofunga ile hitisinki mpya kwenye sehemu ya pili ya boksi, mezani palepale kwa wati 3.5, nilisoma hewa 30, hitisinki 50, kibati 78. Hitisinki iko sawa, 20 gawa kwa 3.5 ni karibu 5.7, kama hesabu ilivyosema. Lakini kati ya kibati na hitisinki kulikuwa na digrii 28, sawa na 8 kwa wati, mahali nilipotegemea 1. Nikakadiria jankshani: 78 kuongeza 3.5 mara 5, ni 95.5. Mezani inaishi. Adhuhuri ya Pongwe, kwa wati 4.7, bajeti ingepasuka.

Angalia kwa mpangilio huu, kuanzia kinachotokea sana. Je, ule utandio wa plastiki mwembamba juu ya padi ya silikoni umebanduliwa? Hauonekani kirahisi, ukwaruze pembeni kwa ukucha. Je, skrubu imekaza, na ina washa ya kuibana isilegee joto likipanda na kushuka? Je, tundu ulilotoboa limeacha ukingo ulioinuka? Kipande cha alumini cha unene wa nywele kinatosha kuuinua mgongo wa chipu mzima ukaning'inia hewani. Je, kuna grisi ya joto, na ni nyembamba? Grisi kazi yake ni kujaza mikwaruzo, siyo kuwa godoro. Ikifinyangika pembeni kama siagi, umetia nyingi mno.

Kwangu yalikuwa mawili kwa pamoja, utandio na ukingo wa tundu. Nilisugua tundu kwa biti kubwa nikiizungusha kwa mkono, nikapitisha msasa laini juu ya kioo, nikapaka grisi utando mwembamba na kukaza. Kibati kikashuka kutoka 78 hadi 53. Hitisinki ilibaki 50 kama ilivyokuwa.

Kuhusu kihami. Kibati cha mgongoni cha 7805 ni hasi, kwa hiyo regulata zote nne zinaweza kufungwa kwenye hitisinki moja bila maika. LM317 inafanana nayo sura, lakini kibati chake ni njia ya kutokea umeme. Transista za mosfeti kama IRFZ44N zina dreni pale mgongoni. Hizo ukizifunga pamoja bila maika na washa ya plastiki kwenye skrubu, unatengeneza shoti. Baada ya kufunga, pima kwa mita kati ya kibati na hitisinki kabla ya kuwasha. Betri ya gari inayopigwa shoti inayeyusha waya, kwa hiyo fyuzi iwepo kabla ya jaribio lolote.

Onyo jingine: ukikuta kihami au chipu yenye keramiki nyeupe ndani ya mashine ya redio ya kurushia mawimbi, usikisage, usikipige msasa, usikivunje. Baadhi zimetengenezwa kwa oksidi ya berili, na vumbi lake ni sumu kwa mapafu. Kiache kilivyo.

Dalili ya tatu: hitisinki nayo inaunguza, kila kitu ni moto

Hapa tofauti kati ya kibati na hitisinki ni ndogo, lakini tofauti kati ya hitisinki na hewa ni kubwa, au hewa yenyewe ni moto. Joto limefika kwenye mapezi, halina pa kutokea.

Anza na hewa, na hapa ndipo kosa la kuhesabu hutokea sana. `Ta` ni hewa inayogusa mapezi, siyo ile ya redioni kwenye utabiri. Kivulini Tanga palikuwa na 32, ndani ya boksi 45. Tena 45 hiyo niliipata wakati regulata mbili zimeshajizima. Regulata nne zikifanya kazi zote kwa pamoja ni karibu wati 19, sawa na kufungia chuma kidogo cha kuchomea lehemu ndani ya boksi la plastiki. Kutoboa matundu mawili ubavuni hakusaidii sana. Matundu ya chini na ya juu yanasaidia, kwa sababu hewa moto inapanda na kuvuta nyingine. Ila dawa yenyewe ni kulipasua boksi mgongoni na kuzitoa hitisinki nje, mapezi yakitazama kivulini.

Ukiamua kuzifunga nne kwenye hitisinki moja kubwa, kumbuka kila chipu ina 5 yake na 1 yake peke yake, lakini hitisinki inabeba wati zote. Gawanya 7.8 kwa nne, unahitaji karibu 1.95 kwa wati. Hicho ni chuma kizito, urefu wa kiganja na vidole, wala siyo kipande cha kuokota.

Sababu inayofuata ni mwelekeo. Mapezi yasimame wima, mifereji yake ielekee juu, ili hewa iingie chini na kutokea juu. Ukiyalaza yakakatisha njia ya hewa, kila mfereji unakuwa shimo lenye hewa moto iliyolala. Nimeona chaja iliyohesabiwa vizuri kabisa ikafungwa ukutani ubavu, kwa sababu hivyo ndivyo ilivyopendeza.

Kisha nafasi kati ya mapezi. Kwa mapezi yenye urefu wa sentimita 5 hadi 8 na hewa tulivu, nafasi ya milimita 6 hadi 8 ndiyo inayofaa. Ile niliyotumia ina kama 8. Watu hupenda kuchukua hitisinki ya kompyuta ya zamani, yenye mapezi membamba yaliyobanana milimita 2, wakihesabu wingi wa mapezi. Ilitengenezwa kwa ajili ya feni. Bila feni, utando wa hewa moto wa pezi hili unagusana na wa pezi la jirani, mfereji unaziba kwa hewa, na eneo lote lile ulilolihesabu linakuwa la kwenye karatasi tu. Ukiwa nayo na feni ya volti 12, itumie, ni nzuri sana. Lakini feni ya vumbi la barabarani haidumu, na siku itakapokwama regulata itakukumbusha.

Mwisho kabisa, uchafu. Boksi la Pongwe lilikuwa na kiota cha nyigu cha udongo kati ya mapezi mawili. Mswaki mkavu unatosha.

Dalili ya nne: hesabu imekubali, vipimo vimekubali, bado inakata au inakufa

Kwanza angalia kapasita. 7805 inataka 0.33 µF mlangoni na 0.1 µF pa kutokea, karibu kabisa na miguu yake. Zikikosekana na waya za betri ni ndefu, regulata inaweza kutetemeka kwa kasi ambayo mita ya kawaida haioni, na ikapata moto usioelezeka kwa hesabu yako ya wati.

Pili, chipu yenyewe. Kibati kikiwa 85 kwa wati 3.5, jankshani inapaswa kuwa karibu 103, na haina sababu ya kujizima. Ikijizima hapo, kizuizi kiko ndani, mahali ambapo hitisinki haiwezi kufika. Mara nyingi ni chipu bandia yenye silikoni ndogo kuliko ya datashiti. Badilisha. Na yoyote inayotoa zaidi ya volti 5.25, itupe papo hapo, hata kama "inachaji".

Tatu, na hili nataka lieleweke, kuna kazi ambayo hitisinki haiwezi. Yule mama alitaka sehemu mbili za kuchaji haraka, ampea 1 kila moja. Hesabu: 9.4 mara 1 ni wati 9.4. Bajeti ni 65 gawa kwa 9.4, yaani 6.9. Toa 5 ya chipu na 1 ya mgusano, hitisinki inabaki na 0.9 kwa wati. Chuma cha namna hiyo kina bei kuliko chaja nzima, na bado kinataka feni. Ukiona `Rjc` pekee imekula zaidi ya nusu ya bajeti, acha kutafuta chuma kikubwa. Punguza wati.

Kwa nusu ampea kuna njia rahisi. Weka rezista ya omu 8.2 ya wati 5 kabla ya mlango wa regulata. Kwa ampea 0.5 inaangusha volti 4.1. Adhuhuri regulata inaona volti 10.3, inabeba wati 2.65 badala ya 4.7, na zile mbili nyingine zinaungua kwenye rezista ya keramiki isiyojali. Joto la boksi zima halipungui, kwa hiyo rezista nayo ikae nje. Betri ikishuka hadi 11.8, mlangoni bado kuna 7.7, na 7805 inahitaji kama 7. Kwa wati hizo hata kile kibati cha kubana cha 20 kwa wati kingefika 114. Kingeishi, japo mimi nisingelala nikiwa na amani.

Kwa ampea 1 rezista hiyo ingeangusha volti 8.2 na kuinyima regulata kabisa. Hapo tumia moduli ya kushusha volti kwa swichi, ile yenye koili. Kwa kutoa wati 5 inapoteza chini ya wati moja, na inakaa boksini bila hitisinki yoyote. Ndizo nilizomfungia zile mbili. Mbili nyingine zilibaki 7805 na hitisinki zake nyeusi nje ya boksi, na adhuhuri kibati kinasoma 74 hewa ya nje ikiwa 34. Kutoka hapo jankshani ni 97 au 98.

Mahali pa kuacha na kumwita mwenye ujuzi

Vipimo vyote hapo juu ni vya betri ya volti 12. Hitisinki iliyo ndani ya chaja ya ukutani, televisheni au inveta ni habari nyingine. Umeme wa ukutani wa volti 230 ukishageuzwa unakaa kwenye kapasita kubwa kama volti 325, na hitisinki ya upande huo inaweza kuwa imeunganishwa nao moja kwa moja. Haina alama yoyote, inang'aa kama nyingine. Kapasita hubaki na chaji hata baada ya kuchomoa. Usiweke kidole, usiweke themokapo, usikaze skrubu. Kama huna transfoma ya kutenganisha wala hujawahi kumaliza chaji ya kapasita ya namna hiyo, funga kifuniko umpelekee fundi wa pawasaplai.

Acha pia ukiona betri imevimba au inanuka yai bovu, au waya wa kutoka betri umelainika ganda. Ondoa fyuzi kwanza. Hitisinki itasubiri.